Kukinga fotomaltiplaya dhidi ya sumaku tuli kwa ganda la mumetali

Fotomaltiplaya, bomba la kioo linalogeuza mwanga hafifu kuwa mipigo ya umeme, ilikuwa inasoma vizuri mezani. Tukaifunga kwenye mtambo, kama sentimita 30 kutoka kwenye pampu ya ayoni, na mipigo kwenye osiloskopu ikashuka hadi robo ya ilivyokuwa. Volti ni zile zile, taa ya majaribio ni ile ile, nyaya hazijaguswa. Mwenzangu akapandisha volti ili kufidia, mipigo ikapanda kidogo na kelele ikapanda sana. Wengi tunaanzia hapo, na ndipo tunapokosea, kwa sababu tatizo halikuwa kwenye umeme bali kwenye sumaku za pampu.

Mwongozo huu ni wa kesi hiyo: bomba la kioo lenye kipenyo cha milimita 52, uga wa sumaku usiobadilika, na ganda la mumetali, aloi ya nikeli na chuma, la kulizungushia. Kifaa chako kikiwa kingine, mahesabu ni yale yale. Badilisha vipimo tu.

Kwanza elewa elektroni zinapotelea wapi

Ndani ya fotomaltiplaya, mwanga ukigonga kathodi iliyo nyuma ya kioo cha mbele, elektroni hung'oka na kuvutwa kuelekea dainodi ya kwanza, moja ya mabamba yanayozidisha idadi ya elektroni. Safari hiyo ndiyo ndefu kuliko zote ndani ya bomba na ndiyo ya polepole kuliko zote, kwa kuwa elektroni inaanza ikiwa karibu imesimama. Chukua umbali wa sentimita 4 na tofauti ya volti 100. Uga wa dunia peke yake, ambao ni takriban kati ya mikrotesla 25 na 65 kutegemea ulipo, unaisukuma elektroni pembeni kwa takriban milimita 1.6 ukiuchukua kuwa mikrotesla 50 na unakatisha njia yake. Hiyo bado inavumilika. Lakini pale karibu na pampu tulipima militesla 0.5, yaani 0.5 mT, mara kumi ya hapo, na msukumo unakuwa milimita 16. Elektroni nyingi zinapita kando ya dainodi na kuishia ukutani. Ukipandisha volti unazidisha zile chache zilizofika, pamoja na kelele yote. Zilizopotea hazirudi.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni sumaku

Bandika taa ndogo ya LED mbele ya kioo kwa selotepu nyeusi, iwe imeshikana na bomba na izunguke nalo. Iwashe kwa mipigo isiyobadilika. Kisha zungusha bomba zima kwenye mhimili wake, nyuzi 45 kila mara, ukiandika urefu wa mpigo. Dainodi hazikupangwa kwa duara kamili, kwa hiyo uga unaokatisha bomba utalisumbua zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Urefu wa mpigo ukipanda na kushuka kadiri unavyozungusha, sumaku ndiyo mhusika. Usipobadilika kabisa, angalia kwanza kigawa volti na soketi kabla hujatumia hela kununua mumetali.

Hatua ya 2: Pima uga mahali bomba litakapokaa

Ondoa bomba. Weka kipimasumaku mahali pake, siyo jirani yake, maana karibu na sumaku ya kudumu sentimita chache zinaweza kubadilisha namba mara mbili. Kidude cha bei nafuu kama HMC5883L kinatosha hadi takriban 0.8 mT. Zaidi ya hapo tumia kipima cha Hall. Ila kila kipima cha aina hii kina sifuri ya uongo, yaani kinaonyesha namba hata pasipo na uga. Dawa yake ni rahisi: soma, kigeuze kielekee upande wa pili kabisa, soma tena, kisha toa namba ya pili kwenye ya kwanza na ugawe kwa mbili. Kile kinachogeuka pamoja na kipima ni uga, na kile kinachobaki pale pale ni kosa la kipima. Na angalia pini za kidude chenyewe kwa kisumaku kidogo. Pini za chuma zilishawahi kunipotezea asubuhi nzima.

Pima sehemu tatu au nne kwenye urefu wa bomba na andika pande mbili kando kando: uga unaokatisha bomba, na uga unaofuata mhimili wake. Kwetu ule wa kukatisha ulikuwa 0.5 mT mahali ulipokuwa mkali zaidi, na wa mhimili ulikuwa 0.1 mT. Fanya kazi na namba kubwa kabisa uliyopata, siyo wastani.

Mistari inaendaje ikikutana na ganda

Nakaa kidogo hapa, kwa sababu anayeielewa sehemu hii hahitaji kukariri kanuni zinazofuata.

Hakuna kitu kinachozuia uga tuli kama pazia linavyozuia mwanga. Shaba na aluminiamu, zinazofanya kazi nzuri dhidi ya mawimbi ya redio, mbele ya sumaku iliyotulia ni kama hazipo. Tunachoweza kufanya ni kuipa mistari ya uga njia nyingine ya kupita, rahisi kuliko hewa iliyo ndani ya ganda. Mumetali ni aloi ya nikeli takriban asilimia 77 hadi 80, iliyobaki ikiwa chuma na kiasi kidogo cha molibdeni au shaba. Ilibuniwa miaka ya 1920 Uingereza kwa ajili ya nyaya za telegrafu za chini ya bahari, siyo kwa ajili ya kukinga vifaa. Sifa yake ni upenyezi mkubwa, unaoandikwa μ: kwa msukumo ule ule wa sumaku, inabeba mistari mara makumi elfu kuliko hewa. Kwenye uga dhaifu mimi huchukua μ = 20,000 ili nisijidanganye, ingawa karatasi za wauzaji huandika namba kubwa zaidi.

Sasa tazama mpaka wa hewa na chuma. Mstari ukiingia kwenye mumetali unapinda, na kupinda kwenyewe ni kukali mno. Mstari unaokuja kutoka hewani ukiwa umeinama digrii 1 tu kutoka kwenye msimamo wa kugonga ukuta moja kwa moja, ukishaingia ndani ya chuma unakuwa umeinama digrii 89.84. Yaani unalala karibu sambamba na ukuta. Mstari unaingia upande mmoja wa silinda, unagawanyika na wenzake, nusu wanazunguka ukutani kwa kulia na nusu kwa kushoto, kisha wanatokea upande wa pili na kuendelea na safari. Silinda ndefu inavuta hata mistari ambayo isingeigusa: inakusanya iliyoenea kwenye upana mara mbili ya kipenyo chake. Ganda la milimita 60 linameza mistari ya milimita 120. Kwa hiyo, kama jirani yako ana kipimo chake cha sumaku pembeni, mwambie kabla hujaweka ganda, maana namba zake zitabadilika.

Mistari hiyo yote inabanwa kwenye kuta mbili nyembamba, ya kulia na ya kushoto. Wingi wa uga ndani ya ukuta unatoka hapo hapo:

```
B_ukuta = B_nje × D / t
```

D ni kipenyo, t ni unene wa ukuta. Na ili ukuta ubebe wingi huo, lazima kuwe na msukumo fulani ndani yake, mdogo kwa sababu μ ni kubwa, lakini siyo sifuri. Msukumo huo, kwa sababu unakwenda sambamba na uso wa chuma, ni ule ule pande zote mbili za uso: ndani ya chuma, na kwenye hewa inayougusa. Hicho ndicho kinachobaki ndani ya ganda. Uga uliobaki ni gharama ya ukuta kubeba mzigo wake. Gawanya B_ukuta kwa μ, na umepata kilichobaki:

```
B_ndani = B_ukuta / μ
S = B_nje / B_ndani = μ × t / D
```

S ni mara ngapi uga umepungua, kwa silinda ndefu na uga unaoikatisha. Ona kwamba ganda dogo linakinga vizuri kuliko ganda kubwa la unene ule ule. Kishawishi cha kununua ganda pana "ili kuwe na nafasi" kina bei yake.

Hatua ya 3: Hesabu mzigo wa ukuta kabla ya kitu kingine chochote

Tulichukua silinda ya kipenyo cha ndani milimita 60 na unene 0.8. Mzigo wa ukuta: 0.5 mT × 60 / 0.8 = 37.5 mT. Mumetali hushiba karibu na tesla 0.75 hadi 0.8, kwa hiyo tuko mbali sana na hatari. Kinga: 20,000 × 0.8 / 60, takriban 267. Kitakachobaki, kwa hesabu, ni karibu mikrotesla 2, na msukumo wa elektroni unashuka kutoka milimita 16 hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita.

Lakini jaribu hesabu hiyo hiyo na uga wa 10 mT, kama ungekuwa karibu kabisa na sumaku kubwa. Mzigo unakuwa 750 mT. Ukuta umeshiba. Chuma kilichoshiba hakina upenyezi wa kukupa, na mistari inayozidi inapita ndani kana kwamba ganda halipo. Hapa watu hukimbilia kununua mumetali bora zaidi yenye μ kubwa zaidi, na haisaidii hata kidogo, kwa sababu kilichokwisha ni uwezo wa kubeba. Mimi huwa sizidishi tesla 0.3 kwenye ukuta wa mumetali. Ukizidi hapo, weka silinda ya nje ya chuma laini cha kawaida. Upenyezi wake ni mdogo, ila hushiba karibu na tesla 2. Silinda ya chuma ya kipenyo cha milimita 80 na unene wa 3 ingebeba 10 × 80 / 3, takriban 267 mT, na kwa μ ya 1,000 hivi ingepunguza uga mara 37 hivi. Mumetali ya ndani ingebakiwa na chini ya 0.4 mT, mzigo mwepesi.

Acha nafasi ya hewa kati ya tabaka hizo mbili. Zikigusana zinakuwa ukuta mmoja mnene, na faida ya kuzidishana kinga inapotea. Kwa vipenyo vya 60 na 80, kinga ya jumla ni kinga mbili zikizidishwa, halafu mara 0.44 hivi. Ukizisogeza zikaribiane, hiyo 0.44 inaelekea sifuri. Na chuma laini kikae nje siku zote: ukikiweka ndani, mumetali ndiyo itakayokutana na uga mkali, na itashiba.

Hatua ya 4: Amua urefu, hasa mbele ya kioo

Silinda ina mdomo, na mwanga lazima uingie hapo. Uga nao unaingia. Bahati nzuri unafifia haraka kadiri unavyoingia ndani. Uga unaokatisha silinda unashuka hadi takriban 1/46 ukishaingia ndani kwa umbali sawa na nusu kipenyo. Ule wa mhimili ni mkaidi zaidi: kwa umbali ule ule unashuka hadi 1/11 tu.

Kwa hiyo usiweke kioo cha bomba kikawa sawasawa na mdomo wa ganda. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa sababu kinapendeza, na kathodi, ambayo ndiyo sehemu inayoumia zaidi, inabaki nje mlangoni, tena mahali ambapo mistari inakusanyika kuelekea ukingo wa chuma. Kirudishe ndani angalau kwa nusu kipenyo. Kwetu nusu kipenyo ni milimita 30, na hapo kutoka mdomoni pangebaki mikrotesla 11 hivi. Tulikirudisha milimita 45, na mchango wa mdomo ukashuka chini ya mikrotesla 2 kwa uga wa kukatisha, na karibu 3 kwa ule wa mhimili. Wa mhimili haunitishi sana, kwa kuwa elektroni zinasafiri kuelekea upande huo huo na haziathiriki sana. Ukirudi ndani zaidi unaanza kupoteza mwanga unaoingia kwa pembe, na hapo ni wewe na chanzo chako cha mwanga. Kwetu mwanga ulikuja kwa mwali mwembamba, kwa hiyo hatukupoteza kitu.

Kwa nyuma, funika mpaka upite dainodi za mwanzo kwa angalau nusu kipenyo. Elektroni za dainodi za mwisho husafiri umbali mfupi, na hizo hazihitaji ulinzi mkubwa. Jumla tulipata milimita 160. Usirefushe ovyo: silinda ndefu sana kwenye uga wa mhimili inafanya kazi kama fimbo ya chuma, inakusanya mistari kutoka mbali na kuipitisha ukutani kwake.

Hatua ya 5: Mshono uelekeze kwenye sumaku

Ganda bora ni lisilo na mshono, au lililochomelewa kisha likaokwa baada ya kuchomelewa. Lakini mara nyingi utapata karatasi iliyokunjwa, yenye mshono unaoenda urefu wote. Mshono ni mwanya wa hewa, na kwa mistari ya sumaku mwanya wa milimita 0.1 ni sawa na kupita kwenye mita 2 za mumetali. Mzunguko mzima wa ganda letu ni milimita 188. Unaona mshono mmoja ulioachia unavyoweza kuharibu kila kitu.

Dawa ya kwanza ni kupishanisha kingo kwa milimita 10 hadi 20 badala ya kuzigusanisha, ili mistari ivuke kwa eneo pana. Dawa ya pili ni bure na watu wengi hawaijui. Mistari inagawanyika kulia na kushoto pale inapoingia. Mahali penyewe pa kugawanyika, panapotazama chanzo cha uga, na mahali pa kukutana tena upande wa pili, hakuna mstari unaotembea kando ya ukuta. Mzigo pale ni sifuri. Mzigo mkubwa uko ubavuni, nyuzi 90 kutoka hapo. Basi zungusha ganda hadi mshono utazame upande uga unakotokea. Ukikosea ukaweka mshono ubavuni, umekata njia mahali ambapo mistari yote inapita.

Hatua ya 6: Lishike kama yai

Upenyezi wa mumetali hutokana na kuokwa kwenye haidrojeni, kwa joto la takriban nyuzi 1,100 hadi 1,175 za Selsiasi, kwa saa kadhaa, kisha kupozwa taratibu. Baada ya hapo kila kukunja, kutoboa, kugonga au kuangusha kunavuruga mpangilio wa fuwele zake na upenyezi unaporomoka mahali pale. Kazi yote ya kukata na kutoboa ifanyike kabla ya kuoka. Ukipokea ganda lililookwa, usiliguse tena kwa drili.

Nilijifunza hili kwa klipu ya bomba, ile ya kukaza kwa bisibisi. Ganda lilikuwa linateleza kidogo kwenye kishikio, nikalifunga klipu na kulikaza mpaka likatulia. Uga uliobaki ndani ulipanda kutoka mikrotesla 4 hadi 15. Nikailegeza klipu, nikaondoa usumaku, nikapima: 13. Kwa macho duara lilikuwa duara, lakini ukipitisha kidole unahisi mfereji mdogo pale klipu ilipokaa. Ganda lilirudi tanuruni. Sasa nalishikilia kwa pete mbili za plastiki zilizotoboka kwa kipimo chake, na sponji nyembamba katikati, bila kukaza kitu.

Hatua ya 7: Usisahau kwamba kuna volti elfu

Nafasi kati ya kioo cha milimita 52 na ganda la 60 ni milimita 4 kila upande. Kama kathodi yako iko kwenye volti hasi, tuseme 1,000, na ganda limeunganishwa na ardhi, usiruhusu ganda liguse kioo karibu na kathodi. Umeme utavuja kidogo kupitia kwenye kioo, bomba litaanza kutoa mipigo ya uongo gizani, na baada ya muda kathodi yenyewe itaharibika. Weka pete za teflon zishike nafasi hiyo sawasawa. Wengine huunganisha ganda na kathodi kupitia rezista ya megaohmu 10. Inafanya kazi vizuri kwa kelele, lakini ganda sasa lina volti hasi 1,000, kwa hiyo lifunikwe lote kwa kihami ambacho hakuna mkono utakaopenya, na fanya hivyo kabla ya kuwasha.

Hatua ya 8: Ondoa usumaku ganda likiwa mahali pake

Ganda jipya, au lililosafirishwa, au lililopita karibu na sumaku, lina usumaku wake lenyewe. Toa bomba la kioo nje. Pitisha waya wenye kihami ndani ya silinda na kuurudisha kwa nje, mizunguko 20, uitawanye kuzunguka mdomo. Kwa njia hiyo uga wa koili unazunguka ukutani, njia ile ile tutakayotaka mistari ipite. Ampea 5 kwenye mizunguko 20 juu ya mzingo wa milimita 188 ni zaidi ya ampea 500 kwa mita, ya kutosha kuishibisha mumetali.

Umeme uwe wa kupishana, kutoka kwenye transfoma ya volti 12 iliyotenganishwa na umeme wa nyumba, na rezista ya ohmu 2.2 yenye uwezo wa wati 100 kwenye mstari. Kabla ya transfoma hiyo weka nyingine, ile ya kuzungusha kitasa ili kupandisha na kushusha volti. Panda hadi juu kwa sekunde chache, kisha shuka taratibu mno, dakika nzima, mpaka sifuri kabisa. Siri iko kwenye kushuka: kila mzunguko wa umeme lazima uwe mdogo kidogo kuliko uliotangulia. Ukizima swichi katikati, ganda linabaki na usumaku wa mpigo wa mwisho, pengine mbaya kuliko ulivyoanza. Ikitokea, panda tena na uanze upya. Zima swichi ukishafika sifuri tu.

Fanya hivi ganda likiwa mahali litakapofanyia kazi, kwenye uga ule ule. Ukiliondoa usumaku mezani kisha ukalipeleka karibu na pampu, litaokota usumaku mpya njiani.

Hatua ya 9: Pima ndani, na usome kinachosemwa na kilichobaki

Ingiza kipima mahali kathodi itakapokuwa na rudia ule mchezo wa kukigeuza. Hesabu ilitupa mikrotesla 2, na michango ya mdomo juu yake. Tulipata 12 kabla ya kuondoa usumaku na 4 baadaye. Kwa bomba hili 4 inatosha kabisa. Nusu ya kinga uliyohesabu ni matokeo ya kawaida, kwa kuwa hakuna silinda yenye urefu usio na mwisho.

Ukipata namba mbaya zaidi, acha kipima pale pale na zungusha ganda peke yake kwenye mhimili wake. Uga uliobaki ukizunguka pamoja na ganda, ni usumaku wa ganda lenyewe: rudia hatua ya 8. Ukibaki unaelekea kule kule uga wa nje unakoelekea, basi ganda linavujisha. Likivujisha upande mmoja wa mzunguko tu, tazama mshono. Likivujisha sawasawa pande zote, ama chuma kimeumia ama kimeshiba. Kutofautisha hayo mawili, sogeza chanzo cha uga mbali mpaka uga wa nje upungue nusu. Kilichobaki ndani kikipungua nusu pia, upenyezi ni mdogo, ganda limegongwa au halikuokwa vizuri, na koili haitalitibu. Kikiporomoka mara tano au kumi, ukuta ulikuwa umeshiba, na unachohitaji ni unene, au silinda ya chuma nje.

Rudisha bomba, bandika tena LED, zungusha kwa nyuzi 45 kama mwanzo. Kwetu tofauti kati ya pembe na pembe ilibaki ndani ya kelele ya osiloskopu, kwa volti zile zile za mezani. Bisibisi yenye ncha ya sumaku tuliihamishia droo ya chumba kingine. Siku ya tatu mtu aliitumia kufungulia kifuniko na tukarudi hatua ya 8.